Jinsi ya Kuchagua Vigae vya Sakafu: Nambari Tatu za Kusoma Kwenye Katoni Kabla ya Kulipa

Wengi wanaonunua vigae Nairobi huingia dukani na maswali mawili: rangi gani ipo, na mita moja ya mraba ni shilingi ngapi. Baada ya mwaka mmoja, njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi huwa imefifia, jikoni kuna doa lisilotoka, na katoni tano zilizoongezwa katikati ya kazi zinaonekana kama kiraka. Makosa haya matatu yana vyanzo vitatu tofauti, na kila kimoja kingeweza kugunduliwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo: nyumba ya chini yenye sebule ya mita 6 kwa 4.5 na jikoni ya mita 3 kwa 3.5, ambayo mlango wake wa mbele unafungukia moja kwa moja uani. Eneo lote la sakafu ni mita za mraba 37.5, na vigae vinavyotafutwa ni vya sentimita 60 kwa 60.

## Vitu vya kuandaa

Kabla ya kwenda dukani, kusanya vifuatavyo:

- Futi ya chuma yenye milimita zinazosomeka vizuri. Futi ya kitambaa haifai.
- Kadi mbili za benki zilizokwisha muda.
- Chupa ndogo ya maji na kitambaa.
- Mizani ya jikoni inayoonyesha gramu mojamoja.
- Sufuria kubwa na jiko la kuchemshia.
- Kiganja cha mchanga wa kujengea uliokauka, pamoja na kipande cha mbao kilichofungwa kipande cha ngozi au jinzi kuukuu.
- Simu ya kupigia picha lebo za katoni.

Tenga pia pesa za kununua kigae kimoja kimoja cha kila aina unayoifikiria, kwa kuwa utavivunja. Gharama hiyo huwauma watu, lakini ni ndogo kuliko ya kung'oa hata mita mbili za sakafu iliyokwisha kutiwa grauti.

## Hatua ya 1: Tambua kinachoikwaruza sakafu yako

Kiwango cha kuhimili msuguano huchaguliwa kulingana na kinachoingia na viatu, wala si kulingana na idadi ya watu peke yake. Familia ya watu wanane wanaotembea pekupeku ghorofani huumiza sakafu kidogo kuliko watu wawili wanaoingia na viatu kutoka barabara isiyo na lami.

Vumbi jekundu la Nairobi huchafua, ila si adui mkubwa wa vigae, kwa sababu sehemu kubwa yake ni udongo laini. Adui ni mchanga wa kujengea. Punje zake nyingi ni za kwazi, madini magumu kuliko gilasi nyingi zinazopakwa juu ya vigae. Ikiwa mtaa wako bado unajengwa, na mitaa mingi ya pembezoni mwa jiji haiishi kujengwa, basi kila kiatu kinachoingia kina punje chache za kwazi chini ya soli.

Simama mlangoni na uangalie njia ambayo watu hupita hasa. Katika nyumba yetu ya mfano, njia hiyo inatoka mlangoni hadi jikoni ikikata sebule katikati. Kigae kitachaguliwa kwa ajili ya njia hiyo, hata kama pembe za sebule hazitakanyagwa kamwe.

## Hatua ya 2: Soma kiwango cha PEI, na ujue kisichopimwa nacho

Kigae kilichopakwa gilasi hupewa daraja la PEI kuanzia 0 hadi 5. Katika maabara, gololi za chuma zilizochanganywa na unga mkali na maji huzungushwa juu ya kigae, kisha mtu hukitazama kigae hicho kando ya kingine kisichosuguliwa na kueleza kama tofauti inaonekana. Daraja linatokana na idadi ya mizunguko iliyofikiwa kabla ya tofauti kuonekana. Daraja la 3 ni la kigae kilichoanza kuonyesha alama katika mizunguko 750 au 1,500. Daraja la 4 huanzia 2,100 na kufika 12,000. Daraja la 5 ni la kile kinachopita hapo, na ni lazima pia kihimili madoa baada ya kusuguliwa.

Tazama jinsi daraja la 4 lilivyo pana. Vigae viwili vyenye nambari 4 kwenye katoni vinaweza kutofautiana karibu mara sita, na ndiyo sababu nambari hii haitoshi kukufanyia uamuzi. Inakuondolea tu vile visivyofaa.

Kwa matumizi ya nyumbani, mgawanyo unaofaa ni huu: daraja la 1 na la 2 yaachwe kwa ukuta, bafu na vyumba vya kulala vinavyokanyagwa pekupeku, daraja la 3 litoshe vyumba vya ndani na sakafu za ghorofani, daraja la 4 litumike mahali popote viatu vya nje vinapofika. Daraja la 5 ni la maduka, korido za ofisi na ngazi za majengo ya umma. Kwa sebule na jikoni yetu, hatutashuka chini ya 4.

Nambari hiyo huandikwa kwenye katoni baada ya herufi PEI, mara nyingi kwa tarakimu za Kirumi. Mchoro wa wayo au kiatu unaonyesha tu kwamba kigae ni cha sakafu. Mchoro wa theluji unahusu baridi ya kugandisha, na muuzaji anayekutajia hiyo kama sifa Nairobi anakupotezea muda.

Onyo la kwanza. PEI hupimwa kwa vigae vyenye gilasi pekee. Posileni isiyo na gilasi, ikiwemo ile inayong'arishwa kwa mashine na ile inayouzwa kwa jina la dabo chaji, haina PEI hata kidogo, kwa sababu rangi yake imeingia ndani ya mwili wa kigae. Hiyo hupimwa kwa kiasi cha kigae kinacholiwa na gurudumu la kusaga, na posileni nzuri haitakiwi kupoteza zaidi ya milimita 175 za ujazo. Muuzaji akikwambia kwamba dabo chaji yake ni "PEI 5", amejibu swali ambalo jibu lake halipo.

Onyo la pili. Kigae cheusi kinachong'aa huonyesha mikwaruzo mapema kuliko cha kijivu kisichong'aa, hata kama gilasi zake zina ugumu uleule. Jicho huona mng'ao uliopotea, si unene wa gilasi uliobaki.

Ili kulinganisha vigae viwili vya daraja moja, nyunyiza mchanga kidogo juu ya kila kimoja, weka mbao yenye ngozi, na usugue mara 200 kwa nguvu zilezile. Vioshe, vikaushe, kisha vishike mbele ya dirisha ili mwanga uje kwa ubavu. Kipimo hiki cha uani hakikupi daraja lolote, ila kinakuonyesha kipi kati ya viwili kitatangulia kufifia. Ukiona ukungu wa duara kwenye kimoja tu, umepata jibu.

## Hatua ya 3: Pima maji yanayofyonzwa

Hapa ndipo neno "posileni" linapotumiwa vibaya kuliko mahali pengine popote. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, kigae kilichoshindiliwa kikavu huwa posileni kikifyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Wenyewe huliita kundi hilo BIa. Kati ya 0.5 na 3 ni BIb, kati ya 3 na 6 ni BIIa, kati ya 6 na 10 ni BIIb, na kinachozidi asilimia 10 ni BIII, ambacho kwa kawaida ni kigae cha ukuta.

Kigae kinachofyonza sana kina vitundu vingi ndani yake. Vitundu hivyo hukidhoofisha, hupitisha madoa kutoka kwenye kingo zilizokatwa, na huruhusu mwili wa kigae kuvimba polepole kwa unyevu hadi gilasi ya juu ipasuke mistari myembamba kama utando wa buibui. Jikoni na bafuni, mistari hiyo ikishaingia uchafu haisafishiki tena.

Usimwamini mtu anayekuthibitishia kwa rangi ya mwili wa kigae. Ni kweli kwamba vigae vingi vyenye mwili mwekundu hufyonza, lakini mwili mweupe hauthibitishi posileni. Udongo mweupe uliochomwa kwa joto pungufu hubaki na vitundu vilevile.

### Kipimo cha dukani

Omba kipande kilichovunjika, maana hakuna stoo ya vigae isiyokuwa navyo. Tia tone la maji kwenye ukingo uliovunjika, wala si mgongoni. Mgongo wa kigae mara nyingi una unga mweupe uliopakwa ili kisigande kwenye magurudumu ya tanuri, na unga huo hunywa maji hata kwenye posileni halisi. Kwenye ukingo wa posileni tone hukaa juu likimetameta, na ukilifuta baada ya dakika mbili haliachi kivuli. Kwenye kigae kinachofyonza, tone hutanuka na kuingia mbele ya macho yako.

### Kipimo cha nyumbani

Tone hutofautisha posileni na kigae cha asilimia 8, lakini halitofautishi asilimia 0.4 na asilimia 2. Kwa hilo unahitaji mizani.

Vunja kigae cha sampuli, chukua vipande vya kilo moja na nusu hadi mbili, vioshe na uvikaushe kwenye oveni au juani siku nzima, kisha vipime. Vipange kwenye sufuria vikiwa vimesimama bila kugusana wala kugusa chini, ukitumia vijiti. Maji yavifunike kwa sentimita tano. Chemsha saa mbili ukiongeza maji yanapopungua, epua, na uviache majini saa nne. Vifute kwa kitambaa chenye unyevu ili maji ya juu tu yatoke, kisha upime tena mara moja.

Hesabu ni hii:

```
(uzito wa mvua - uzito mkavu) ÷ uzito mkavu × 100
```

Nilifanya hivyo kwa aina mbili zilizokuwa zimebaki kwenye orodha yangu, zote zikiitwa posileni na muuzaji mmoja. Ya kwanza ilikuwa gramu 1,820 ikiwa kavu na gramu 1,826 baada ya maji, yaani asilimia 0.33. Ya pili ilitoka gramu 1,540 hadi 1,663, ambayo ni karibu asilimia 8. Kwa jicho zilifanana kama mapacha. Mizani ya gramu mojamoja inaweza kukosea kidogo, lakini kosa la gramu moja au mbili haliwezi kugeuza 8 kuwa 0.5.

### Matokeo haya yanabadilisha kazi ya fundi

Wapo mafundi wazuri ambao bado huloweka kila kigae kwenye pipa na kukibandika kwa uji wa simiti. Njia hiyo ilifaa kwa vigae vinavyofyonza, kwa kuwa kigae kikavu kingenyonya maji ya simiti kabla haijashika. Posileni hainywi, hivyo kuiloweka hakuna faida, na uji wa simiti hauna vitundu vya kuingia ili ushike. Matokeo yake ni vigae vinavyolia kama debe tupu ukivigonga baada ya miezi michache.

Kwa hiyo, ukichagua kigae cha asilimia 0.5 au chini, weka kwenye bajeti gundi ya vigae iliyotengenezwa kwa posileni, na umwambie fundi apake pia safu nyembamba mgongoni mwa kila kigae baada ya kuufuta ule unga mweupe kwa kitambaa chenye maji. Kama bajeti haifiki huko, ni afadhali kigae cha kundi la BIb kilichobandikwa sawasawa kuliko posileni iliyobandikwa kwa uji.

## Hatua ya 4: Jua kama chapa inajirudia yenyewe

Hili ndilo nililojifunza kwa hasara. Nilikuwa nimenunua katoni 24, zikapungua, nikarudi dukani kuongeza tano za jina lilelile na picha ileile. Fundi alipanga safu mbili, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye maungio na kuniita. "Bosi, hizi hazikubali." Maungio yalianza na upana wa spesa ya milimita tatu, na kufikia kigae cha tano msalaba wa grauti ulikuwa umehama kiasi cha kuonekana ukiwa umesimama. Nilizipima. Za kwanza zilikuwa milimita 598, za pili 599 na nusu.

Duka halikunidanganya. Vigae husinyaa vinapochomwa, na kusinyaa huko hubadilika kidogo kadiri udongo na joto la tanuri vinavyobadilika. Kwa hiyo kiwanda hupanga vigae kwa kaliba, yaani kipimo halisi, na kwa shedi, yaani kivuli cha rangi, kisha huandika vyote viwili kwenye katoni pamoja na nambari ya bachi, yaani kundi lililotengenezwa pamoja. Jina la bidhaa pekee halikuhakikishii chochote kati ya hivyo.

Nambari hizi huwa pembeni mwa katoni, mara nyingi zimepigwa kwa mhuri au wino hafifu badala ya kuchapwa pamoja na picha. Piga picha ya kila moja. Chapa isiyoandika shedi na kaliba kabisa niliiondoa kwenye orodha hapohapo, kwa sababu bila nambari hizo mnunuzi hana cha kulinganisha.

### Jinsi ya kupima uthabiti

Muulize muuzaji kama ana bachi mbili za kigae hichohicho. Maduka makubwa ya Eneo la Viwanda na Barabara ya Mombasa huwa nazo mara kwa mara, na msimamizi wa stoo hujua zaidi kuliko aliye kaunta. Chukua vigae vitatu kutoka katoni ya kila bachi na ufanye mambo matatu.

Rangi. Vitoe nje ya duka, kwenye kivuli. Taa za dukani ni za manjano na zinaelekezwa ili kupendezesha. Vipange kwa kuchanganya bachi, rudi hatua nne, na umwombe mtu asiyejua mpangilio aonyeshe vipi ni vya kundi moja. Akivitenga bila kusita, chapa hiyo hairudii rangi. Angalia usichanganye hili na michoro: vigae vya mfano wa marumaru hutengenezwa kwa michoro kadhaa makusudi, na tofauti ya mistari si kasoro. Kinachotafutwa ni tofauti ya rangi ya chini ya mistari hiyo.

Kipimo. Simamisha vigae sita kwenye sakafu tambarare vikiwa vimebanana kama vitabu, na upitishe kidole juu ya kingo. Kidole huhisi nusu milimita kwa urahisi. Kisha vigeuze robo mzunguko na urudie, maana kigae kinaweza kuwa sawa upande mmoja na kikapishana upande mwingine.

Mpindo. Weka vigae viwili uso kwa uso na ukodoe macho kwenye kingo. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Ikiingia kadi moja kwa shida, hali ni ya kawaida kwa kigae cha sentimita 60. Zikiingia mbili zilizobebana, kigae kimepinda kiasi kwamba ukikipanga kwa mtindo wa matofali, nusu kwa nusu, katikati ya kimoja patakuwa juu ya pembe ya jirani yake, na vidole vya miguu vitakujulisha. Kigae kama hicho kipangwe kwa mistari iliyonyooka, au kipishane kwa theluthi moja.

Chapa inayofaulu kwenye kipimo na mpindo lakini ikitofautiana rangi bado inatumika, mradi utanunua bachi moja. Inayoshindwa kwenye kipimo ndani ya bachi moja isitumike kabisa. Hakuna fundi atakayeificha bila kupanua maungio.

## Hatua ya 5: Nunua vyote kwa mara moja

Katoni ya vigae vinne vya sentimita 60 hufunika mita za mraba 1.44. Sakafu yetu ni 37.5, tukiongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika tunapata 41.25, ambayo ni katoni 28.6, yaani 29. Ongeza mbili za akiba ya matengenezo ya baadaye, ziwe 31. Ukipanga kwa mshazari, weka asilimia 15 badala ya 10.

Hakikisha kabla ya kulipa kwamba stoo ina katoni zote 31 za bachi, shedi na kaliba moja. Zikiwa 26, usikubali ahadi kwamba "zingine zinakuja wiki ijayo", kwa sababu zitakazokuja si hizo. Mwombe muuzaji aandike nambari hizo tatu kwenye risiti, pamoja na makubaliano ya kurudisha katoni ambazo hazijafunguliwa.

Ukilazimika kuchukua bachi mbili, zitenganishe kwa mlango: moja sebuleni, nyingine jikoni, na kizingiti kati yake. Jicho halilinganishi vizuri rangi zilizotenganishwa na kizingiti.

## Hatua ya 6: Kagua kabla gari halijaondoka

Pikapu ikifika, soma lebo ya kila katoni kabla haijashushwa. Ni kazi ya dakika kumi, na wapakuzi watanung'unika. Katoni yenye nambari tofauti irudi na gari lilelile. Ikishashushwa na kufunguliwa, hoja yako dukani imepungua nguvu.

Fundi anapoanza, afungue katoni nne kwa pamoja na achukue kigae kwa zamu kutoka kila moja, ili tofauti ndogo iliyobaki isambae sakafu nzima. Apange kwanza safu mbili bila gundi kutoka mlangoni hadi jikoni, nawe uzitazame kwa mwanga wa dirishani. Kigae kilichobandikwa huwa kimekubaliwa, na hakuna duka litakalokirudisha.

Zile katoni mbili za akiba zihifadhiwe zikiwa zimesimama kwa ubavu, mahali pakavu, lebo ikitazama nje. Lebo ya katoni nyingine iliyokwisha kutumika ikatwe na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pamoja na jina la gundi na rangi ya grauti iliyotumika.